Retikulosaiti Ziko Juu, Damu Haipandi: Utatuzi wa Matatizo

Fomu ililetwa dirishani kabla ya saa nne asubuhi. Mama wa miaka 34, mkaazi wa Likoni, mpishi wa mahamri. Himoglobini yake 6.8. Kipimo cha retikulosaiti tulichomfanyia jana yake kilikuwa kimetoka asilimia 2.8, na mashine ikakigongea herufi H, yaani kimevuka mpaka wa juu. Afisa wa kliniki, kijana aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, alikuwa ameandika chini yake: "Uboho unajibu vizuri. Chembe zinavunjika?" Kisha akaomba bilirubini, LDH na kipimo cha G6PD, vipimo vya kutafuta chembe zinazovunjika na sababu yake, vyote vya kulipwa na mtu ambaye siku nzuri ni siku ya kumaliza sinia mbili za mahamri.

Nikampigia simu.

"Daktari, huyu mama ana manjano machoni?"

"Hana, Mwalimu."

"Mkojo wake mweusi?"

"Hapana. Lakini retiki iko juu."

"Haiko juu, mwanangu. Iko chini."

Akanyamaza kidogo. Sikumlaumu, kwani karatasi ilisema H, na hata mimi miaka yangu ya kwanza maabara niliziamini herufi hizo kuliko macho yangu. Kwa hiyo naandika haya kwa yeyote anayepokea karatasi kama ile na kuona kwamba namba na mgonjwa hawasemi lugha moja. Mambo madogo madogo ya wagonjwa nimeyabadilisha wasijulikane.

Kwanza, kipimo chenyewe kinauliza nini

Mtu akipungukiwa damu, ama uboho wake hautengenezi chembe nyekundu za kutosha, ama unatengeneza lakini zinapotea: zinamwagika nje au zinavunjika humo humo mwilini. Himoglobini haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo. Inakwambia tu kwamba mtungi haujajaa. Haisemi kama bomba limekauka au mtungi una ufa.

Retikulosaiti ni chembe nyekundu changa iliyotoka ubohoni karibuni. Kiini imeshakitupa, ila ndani yake bado mna mabaki ya RNA, na ukiichanganya na rangi ya nyu methilini bluu ikiwa bado hai, mabaki hayo yanaonekana kama nyuzi na vidoti vya buluu. Kwa mtu mzima mwenye afya chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kila siku uboho hulazimika kutoa upya karibu asilimia 1 ya chembe zote. Chembe changa ikiingia kwenye damu hubaki na alama hiyo kama siku moja. Ndiyo maana kwa mtu huyo utaona takriban asilimia 1, na mpaka wa kawaida huandikwa 0.5 hadi 2.5.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mpaka huo ni wa mtu ambaye damu yake imejaa. Damu ikipungua, figo hutoa homoni ya erithropoietini kuuamuru uboho uongeze kazi, na uboho wenye afya na malighafi unaweza kuzidisha uzalishaji mara kadhaa. Basi mgonjwa mwenye himoglobini 6.8 na retikulosaiti za "kawaida" hana kitu cha kawaida hapo. Uboho wake umeamriwa kukimbia nao unatembea.

Tatizo: karatasi inasema H, lakini hakuna dalili ya chembe kuvunjika

Hili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi, na lina sababu mbili zinazokwenda pamoja.

Ya kwanza ni asilimia yenyewe. Asilimia huhesabiwa kwa chembe zilizopo. Chembe kongwe zikipungua, changa zile zile zinaonekana nyingi, kama vile watoto watatu katika darasa la thelathini na watoto watatu katika darasa la kumi. Uboho haukuongeza kitu; darasa ndilo lililopungua. Dawa yake ni kuirudisha asilimia kwenye kipimo cha mtu aliyejaa damu, kwa kuizidisha na hematokriti ya mgonjwa, yaani asilimia ya damu inayojazwa na chembe nyekundu, na kuigawanya kwa 45.

Ya pili wengi huisahau. Damu ikipungua sana, erithropoietini huufanya uboho uzitoe chembe changa mapema kabla hazijakomaa vya kutosha. Zikifika kwenye damu, badala ya kubaki na alama ya buluu kwa siku moja hubaki nayo siku mbili au zaidi. Mwenye kuvuka Likoni kila siku atanielewa. Ukisimama kwenye mteremko wa feri ukaona umati, huwezi kuapa kwamba leo wamekuja watu wengi. Huenda ni wale wale wa kila siku, feri ndiyo iliyokawia. Chembe changa zinazokawia kwenye damu huhesabiwa leo na kesho tena zikahesabiwa, na umati ukaonekana mkubwa kuliko wanaofika.

Kwa hiyo kuna hatua ya pili: kugawanya kwa siku za kukomaa. Hematokriti ya 36 hadi 45 hugawanywa kwa 1, ya 26 hadi 35 kwa 1.5, ya 16 hadi 25 kwa 2, na ya 15 kushuka chini kwa 2.5. Kinachobaki huitwa RPI, nacho ndicho kipimo cha uzalishaji.

```
RET iliyosahihishwa = RET% × (HCT ÷ 45)
RPI = RET iliyosahihishwa ÷ siku za kukomaa
```

Tumrudie mama wa mahamri. Hematokriti yake ilikuwa 22. Asilimia 2.8 ukiizidisha na 22 na kuigawanya kwa 45 unapata 1.37. Herufi H imeshakufa hapo. Ukigawanya tena kwa siku 2, unabaki na 0.7 hivi. Kwa mtu mwenye upungufu wa damu, RPI ikipita 3 uboho umejibu, na ikiwa chini ya 2 haujajibu. Ikiwa katikati, sipendi kumlazimisha mtu aamue. Tazama siku za ugonjwa, kisha rudia kipimo baada ya siku tatu nne. Lakini 0.7 haina utata.

Mashine nyingine hutoa idadi kamili ya chembe changa badala ya asilimia. Yake ilikuwa 95 × 10⁹ kwa lita, na mpaka wa juu katika maabara nyingi ni 100 hivi. Namba hiyo ni bora kuliko asilimia, kwa sababu haidanganywi na darasa lililopungua, ila umati wa feri bado unaihadaa. Ukiisoma, kumbuka bado kugawanya kichwani mwako kwa siku za kukomaa.

Tatizo: mgonjwa anatoka damu waziwazi, na bado retikulosaiti ziko chini

Kijana akaniuliza swali zuri. Mama mwenyewe alikuwa amemweleza kwamba akiingia mwezini damu humtoka siku tisa, yenye mabonge, na huo ni mwaka wa pili. Hiyo si hasara? Na kama ni hasara, si retikulosaiti zingepanda?

Zingepanda. Kuna sababu mbili za kutopanda, na unazitenganisha kwa kalenda.

Sababu ya kwanza ni kwamba umepima mapema. Nilipata kumwona mchukuzi wa mizigo aliyekuwa akimeza vidonge vya maumivu ya mgongo mfululizo hadi tumbo likapata kidonda. Aliletwa usiku ametapika damu na choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Himoglobini yake usiku ule ilikuwa 12, kwa sababu mtu anapomwagika damu hupoteza chembe na maji pamoja. Mpaka mwili uvute maji kujaza mishipa, kilichobaki kina uzito ule ule. Retikulosaiti zilikuwa asilimia 1.1. Aliyezisoma bila kuuliza saa angesema uboho umelala, kumbe uboho ulikuwa ndio kwanza umepata habari. Chembe changa huanza kuongezeka kuanzia siku ya pili au ya tatu, na kilele hufika kati ya siku ya 7 na ya 10. Kwake, siku ya nane zilikuwa asilimia 8. Kwa hiyo kwa anayetoka damu ghafla, retikulosaiti za siku ya kwanza hazina neno la kukwambia. Zichukue, ziwe alama ya kuanzia, usizitolee hukumu.

Sababu ya pili ndiyo ya mama wa mahamri, nayo ni chuma.

Uboho wa mtu mzima hutumia miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku kutengeneza himoglobini. Chakula huingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu. Iliyobaki yote hutoka kwenye chembe kongwe zilizokufa, ambazo chuma chake huokotwa na kurudishwa kiwandani. Sasa fikiria tofauti iliyopo kati ya hasara mbili. Chembe zikivunjika ndani ya mwili, chuma kwa kiasi kikubwa hakiendi popote, kinaokotwa, na uboho unaweza kuzidisha kazi hata mara sita. Damu ikimwagika nje, chuma huondoka nayo. Uboho huanza kwa nguvu ukitumia akiba, kisha akiba ikaisha, na kutoka hapo unaenda kwa kudundulizwa. Ndiyo maana anayetoka damu, hata akiwa mzima kabisa, mara chache hufikia zile namba za juu za anayevunjikiwa na chembe.

Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Mililita 1 ya damu yenye himoglobini 12 ina miligramu 0.4 hivi za chuma. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 au 40, na ikipita 80 inahesabiwa nzito. Tuseme mama alipoteza 200 kwa mwezi, na kwa mabonge aliyoyaeleza sioni kama nazidisha. Hizo ni miligramu 80 za chuma kila mwezi juu ya zile anazopoteza kila mtu kwa ngozi na utumbo, na chakula chake hakifiki kuzifidia. Mwaka wa kwanza akiba ililipa deni. Mwaka wa pili hapakuwa na akiba.

Alama ilikuwa kwenye karatasi ile ile, mistari mitatu juu ya herufi H: MCV 65. Chembe zake zilikuwa ndogo mno. Uboho unaokosa chuma hutoa chembe ndogo zilizopauka, ilhali uboho unaofidia hasara ya karibuni hutoa chembe kubwa kidogo kuliko kawaida, kwa sababu changa ni pana kuliko kongwe. Tungepima feritini, yaani akiba ya chuma, tungethibitisha, na ndicho kipimo kimoja nilichomwambia kijana aandike kwenye fomu baada ya kufuta vile vitatu. Ilirudi 4.

Sasa, huyu ni wa hasara au wa kutozalisha? Kijana alitaka jibu moja. Ni wa hasara iliyozaa kutozalisha. Retikulosaiti zinaeleza uboho unafanya nini wiki hii. Hazielezi ugonjwa ulianzia wapi. Ukiishia kwenye "RPI 0.7, uzalishaji mdogo", utampa vidonge vya chuma na kumwacha na hedhi yake nzito, naye atarudi baada ya mwaka.

Wazee wetu walikuwa na neno safura kwa mtu aliyepauka na kuvimba uso, anayehema akipanda ngazi. Sasa neno hilo limebakia zaidi kwa minyoo, na minyoo ya safura hufanya jambo lile lile: hunyonya damu kidogo kidogo utumboni kila siku hadi chuma kiishe. Mgonjwa wa safura naye atakuja na retikulosaiti chini, na ukimtazama kwa namba hiyo pekee utafikiri ugonjwa uko ubohoni wakati uko kwenye utumbo. Choo chake kipimwe.

Tatizo: amepewa chuma, na hakuna kinachopanda

Uboho unaokosa chuma tu, ukipewa chuma, hujibu haraka, na retikulosaiti hujibu kabla ya himoglobini. Kilele ni siku ya 7 hadi ya 10. Kwa hiyo badala ya kungoja mwezi mzima kuona himoglobini, mrudishe mgonjwa siku ya nane na umpime chembe changa. Mama alirudi siku ya nane na asilimia 7.5, hematokriti 25. Fanya hesabu: 7.5 mara 25 gawanya 45 ni 4.2 hivi, na ukigawanya kwa 2 ni 2.1. Kutoka 0.7 hadi 2.1 kwa wiki moja. Himoglobini ilikuwa imesogea kidogo tu, 7.6. Angepimwa hiyo peke yake mtu angesema dawa ni dhaifu.

Kama siku ya nane namba ingebaki pale pale, ningeuliza kwanza kama vidonge vimemezwa kweli. Vinaunguza tumbo na kugeuza choo cheusi, na wengi huviacha siku ya tatu bila kusema. Usimuulize mtu "umekunywa dawa?" kwa maana atasema ndiyo kwa heshima. Muulize choo chake kina rangi gani. Swali la pili ni la chai. Mtu wa pwani anayeteremsha kidonge kwa chai ya rangi au kahawa chungu ananyima utumbo nafasi ya kukivuta chuma. Amezee maji, na chai ingoje saa moja mbili. Likiwa hilo nalo si jambo, basi huenda damu inamtoka kwa kasi kuliko unavyoijaza, au kuna uvimbe au maambukizi sugu yanayoufungia uboho chuma, au figo zimechoka na homoni haitoki, au utambuzi wako ulikosea tangu mwanzo. Chembe ndogo pwani si chuma siku zote: thalasemia ya alfa iko kwa watu wengi huku, na wao huwa na chembe ndogo lakini nyingi, na kwa kawaida damu yao haishuki hadi 6.8.

Tatizo: RPI iko juu kweli

Hapa kazi ni nyepesi. Uboho umejibu, kwa hiyo kuna hasara, na swali ni la nje au la ndani. Tafuta damu inakotoka, hata utumboni ambako haionekani kwa macho. Usipoipata, sasa ndipo bilirubini, LDH na slaidi ya damu vinapokuwa na maana, na vile vipimo vya kijana wetu vingekuwa mahali pake. Jambo moja la kuangalia: mtu aliyeacha kutoka damu wiki iliyopita, au aliyeanza chuma wiki iliyopita, naye atakuwa juu, bila chembe yoyote kuvunjika. Muulize kabla ya kumtoboa tena.

Tatizo: mtoto wa selimundu, himoglobini imeporomoka

Hili linahitaji haraka. Mtoto mwenye selimundu chembe zake huishi siku chache tu, 10 hadi 20, na uboho wake hukimbia maisha yake yote. Retikulosaiti zake za siku ya kawaida huwa asilimia 5 hadi 15. Hiyo ndiyo hali yake, nayo iandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki akiwa mzima ili pawe na cha kulinganisha.

Siku ataletwa amechoka, amepauka, himoglobini imeshuka kutoka 8 hadi 4, na wadi nzima inafikiri chembe zinavunjika kuliko kawaida. Ukikuta retikulosaiti 0.3, habari imegeuka: uboho umesimama. Aghalabu ni kirusi cha parvo B19, ambacho huingia kwenye chembe mama za damu nyekundu na kuzizima kwa siku 7 hadi 10. Mimi na wewe tukikipata hatutajua, kwa sababu chembe zetu zina siku 120 za kungoja. Zake hazina. Huyo huongezewa damu, na ndugu zake wa nyumba moja wenye selimundu wachunguzwe pia, kwani kirusi hakibishi hodi mlango mmoja.

Lakini ukikuta himoglobini 4 na retikulosaiti 18, papasa tumbo. Wengu likiwa limevimba ghafla, damu imenaswa humo, na uboho unafanya kila unaloweza. Watoto wawili, himoglobini moja, na kinachowatofautisha mwanzoni ni slaidi moja na mkono mmoja tumboni.

Tatizo: malaria, chembe zinapasuka, na retikulosaiti ziko chini

Kanuni inavunjika hapa, na ni lazima ujue. Katika malaria kali ya falsiparum chembe zinapasuka, manjano yapo, na ungetegemea uboho ujibu. Lakini homa na uvimbe wa mwili huukandamiza uboho wakati huo huo, hivyo retikulosaiti huwa chini kuliko inavyostahili mpaka vimelea viondoke. Hupanda baada ya matibabu, katika wiki ya kwanza au ya pili. Mgonjwa wa malaria mwenye RPI ndogo siku ya kuingia wadini asitafutiwe ugonjwa wa uboho siku hiyo.

Na kuna upande wa pili. Aliyetibiwa kwa sindano ya atesunati ya mshipa anaweza kupungukiwa damu tena wiki moja hadi tatu baadaye, vimelea vikiwa vimekwisha. Retikulosaiti zake huwa juu, kwa sababu safari hii chembe zinavunjika na uboho uko huru.

Tatizo: namba yenyewe haiaminiki

Nimeacha hili mwisho, ingawa ukinitembelea kazini ndilo la kwanza nitakalokuuliza: damu ilichukuliwa saa ngapi, na ilikaa wapi?

Chembe changa huendelea kukomaa ndani ya chupa. Chupa ya kifuniko cha zambarau iliyochukuliwa ng'ambo saa mbili asubuhi, ikangoja feri, ikapanda tuktuk, ikawekwa dirishani penye jua la Machi, itanifikia saa tisa ikiwa na chembe changa chache kuliko zilizotoka kwenye mkono. Ndani ya saa sita kwenye chumba kisicho na joto kali ni sawa. Zaidi ya hapo iwe kwenye kisanduku baridi, na kesho yake iwe imeshapimwa. Nimewahi kuona, katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, wiki nzima ya "uboho umesimama" kutoka zahanati moja, na kosa lilikuwa la mjumbe aliyekusanya chupa mpaka jioni apunguze nauli.

Damu ichukuliwe kabla ya mgonjwa kuongezewa damu. Damu ya mchangiaji imekaa friji, chembe zake zimekomaa, nazo zitazimeza chache za mgonjwa. Siku mbili baadaye uboho wenyewe utakuwa umepunguza mwendo kwa sababu himoglobini imepanda.

Kwa anayehesabu kwa hadubini, rangi na damu ziwe sawa kwa sawa, ziwekwe kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 20, zichanganywe tena kabla ya kupaka slaidi. Wengi huruka kuchanganya, na chembe changa ni nyepesi, hupanda juu. Rangi isiyochujwa huacha punje za buluu juu ya chembe na kando yake. Ukiona vidoti mahali pasipo na chembe, tupa rangi hiyo. Chembe ihesabiwe changa ikiwa na vidoti viwili au zaidi. Kidoti kimoja kikubwa cha mviringo, hasa kwa mgonjwa wa selimundu aliyepoteza kazi ya wengu, mara nyingi ni kipande cha kiini kilichobaki. Vimelea vya malaria navyo vinashika rangi, na hata mashine huvihesabu kama chembe changa. Kama vimelea ni vingi, hesabu kwa macho.

Ukihesabu chembe 1000 ukapata changa 10, usijivune kwa asilimia 1.0. Bahati pekee inaweza kukupa 4 au 16 kwenye slaidi ile ile. Kwa hiyo 0.8 leo na 1.3 kesho ni namba moja, na anayemwambia mgonjwa kwamba uboho umeanza kuamka anasoma vumbi.

Mama wa mahamri hakuongezewa damu, kwa sababu alikuwa ametulia, mapigo yake mazuri akiwa amekaa, na himoglobini yake ilikuwa imeshuka polepole mwili ukaizoea. Wiki ya nne kijana alinipigia simu na sauti ya wasiwasi.

"Mwalimu, retiki imeshuka tena. Asilimia 2."

"Himoglobini?"

"9.4."

Chembe changa hupanda kwa kilele, kisha zikashuka huku himoglobini ikiendelea kupanda. Wimbi la kwanza limeshapita na zile zilizozaliwa ndani yake sasa ndizo chembe za kawaida kwenye damu yake. Nikamwambia asiipime tena. Aendelee na vidonge mpaka himoglobini itimie, kisha miezi mitatu zaidi ya kujaza akiba, na amuulize mama picha ya mji wa mimba, ya kutafuta chanzo cha ile hedhi, alipewa tarehe gani.

"Hajapewa," akasema.